Sura ya 4: Dawa Ile Ile, Glasi Kumi na Mbili

Shemeji yangu alionja glasi yake, akaomba ya mkewe akaionja nayo, kisha akairudia yake. Akaiweka mezani taratibu.

"Shemeji," akasema, "hii yangu ni dawa kweli. Ya mwenzangu ni juisi."

Tulikuwa watu sita barazani, Jumamosi jioni. Glasi zote sita nilizitengeneza mimi, kwa chupa moja ya vodka, fungu moja la ndimu na asali ya mtungi mmoja, ndani ya robo saa. Nikachukua zote mbili nikaonja. Alikuwa na haki. Ya kwake ilikwaruza koo na kukunja uso, ya mkewe ilikuwa tamu ya kunata midomoni, na vodka uliitafuta usiione. Ya kwangu ilikuwa kitu cha tatu kabisa.

Dawa ninayoizungumzia hapa si ile ya moto, ya tangawizi na limau na asali, ambayo mikahawa ya Kenya humuuzia mwenye mafua kwa jina hilo hilo. Ni ile ya baridi: vodka, ndimu, asali na barafu, na kijiti cha mbao kilichochovywa asali kikisimama ndani ya glasi. Ilipata umaarufu wake Carnivore, mgahawa wa nyama choma uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980. Ni jamaa wa kaipirinya ya Wabrazili, ambayo hutumia kashasa, yaani pombe ya miwa, pamoja na sukari. Kwa desturi unakata ndimu vipande, unaziponda chini ya glasi, unajaza barafu, unamimina vodka, unazamisha kijiti chenye asali, na mnywaji anakoroga mwenyewe kadiri anavyotaka utamu.

Mtu wa baa anayetengeneza dawa mia kwa usiku mmoja hana shida na utaratibu huo. Mkono wake umeshakuwa mizani. Mimi natengeneza sita kwa mwezi, na mkono wangu haujui kitu. Kwa hiyo kesho yake, Jumapili, niliamua kupima kila kitu nilichokuwa nimekikadiria, nione kosa lilikuwa wapi.

Nilianza na ndimu. Zilikuwa zimebaki nane katika lile fungu. Nilizikamua moja moja, kila moja nikaivuta kwa bomba la sindano la duka la dawa, lile la mililita 10 lisilo na sindano, ambalo kwa kazi hii ni chombo bora kuliko vijiko vyote vilivyomo jikoni. Ndimu ndogo kuliko zote ilitoa mililita 9. Kubwa kuliko zote ilitoa 23. Zote nane zilitoa 132, yaani wastani wa 16 na nusu kila moja. Sasa, maelekezo yangu yalisema "nusu ndimu kwa glasi". Nusu ya ile ndogo ni mililita 4 na kidogo, nusu ya ile kubwa ni karibu 12. Kabla sijagusa asali wala vodka, glasi moja ilishaweza kuwa na ukali zaidi ya mara mbili na nusu ya jirani yake.

Kisha kijiti. Nilikiweka kwenye mizani ya jikoni, nikakichovya katika asali nikakizungusha kama nilivyofanya jana yake, nikakipima tena. Mara ya kwanza kilibeba gramu 8. Mara ya pili kilibeba 19. Sikufanya lolote tofauti ninalolijua. Nadhani mara ya pili nilikizungusha polepole zaidi.

Vodka nilikuwa naimimina kwa jicho, mpaka glasi "inapopendeza". Lakini nyumbani kwangu glasi hazifanani. Katika glasi yenye upana wa sentimita 6 kwa ndani, kimo cha sentimita 1 ni mililita 28. Katika ile fupi ya tumbo pana, yenye sentimita 8, kimo hicho hicho ni mililita 50. Ongeza barafu, ambayo huinua kimo bila kuongeza pombe, na jicho halina tena cha kushika. Shemeji alikuwa amepewa glasi pana. Mgeni wa heshima hupewa glasi nzuri.

Hapo ndipo niliponunua jiga. Ni kile kikombe kidogo cha chuma chenye vikombe viwili vilivyogusana matako, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Baani watu huita tu kipimo, au toti, ingawa toti yenyewe ni kiasi na si chombo, tena kiasi kisicho kimoja: kuna wanaopima 25, kuna wanaopima 30. Jiga nazo zinatofautiana vivyo hivyo. Zile zinazofuata aunsi za Kimarekani huwa na 30 upande mmoja na 60 upande wa pili, na zile za mtindo wa Kiingereza huwa 25 na 50, kwa sababu Uingereza sheria inataka jini, ramu, vodka na wiski viuzwe kwa mafungu ya mililita 25 au 35. Kwa mtu wa nyumbani hakuna jiga iliyo bora kwa namba zake. Nitaeleza kwa nini baada ya kidogo.

Jiga yangu ilikuwa imechongwa namba 30 na 60. Niliiweka juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikajaza maji upande mdogo mpaka ukingoni. Mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1, basi nilitegemea 30. Mizani ikasoma 27. Upande mkubwa ukasoma 57. Nilikasirika kidogo, halafu nikaona kwamba hasara ni ndogo kuliko nilivyofikiri: kama kila kitu kitapita katika jiga hiyo hiyo, kila kitu kitapungua karibu kwa kiasi kile kile, na ladha haitaguswa. Kinachoharibu ni kuchanganya vipimo. Ukipima vodka kwa upande wa 60 wa jiga hii, na ndimu na asali kwa upande wa 25 wa jiga nyingine uliyoazima, umeshaondoka kwenye 2 kwa 1 kwa 1, uko kwenye karibu 2.3 kwa 1 kwa 1, na ulimi utakwambia.

Jambo la pili la jiga ni umbo lake, na hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Upande wa jiga ni kama koni. Chini ni mwembamba, juu ni mpana, kwa hiyo kimiminika kingi kimekaa juu. Chukua koni kamili ya mililita 30 yenye kina cha sentimita 4. Ukiijaza mpaka nusu ya kina, hujapata 15. Umepata chini ya 4, kwa sababu nusu ya kina cha koni hubeba sehemu moja tu ya nane ya ujazo wake. Ili upate 15 unatakiwa kufika karibu sentimita 3.2. Jiga halisi huwa na kitako bapa kidogo, hivyo hali si mbaya kiasi hicho, lakini sheria ni ile ile: usikadirie nusu ya jiga kwa macho. Kama ndani yake kuna mistari iliyochorwa, itumie. Kama haina, chukua bomba la sindano.

Na hata ukijaza, ukingo una siri yake. Katika koni hiyo hiyo, ukisimama milimita 2 tu chini ya ukingo kwa kuogopa kumwaga, umepunguza zaidi ya mililita 4, yaani kama sehemu moja ya saba ya kipimo. Upande wa pili wa kosa ni kumimina mpaka kimiminika kinavimba juu ya ukingo kama mgongo wa kobe. Kinachotakiwa ni uso ulio sawa na ukingo, bapa. Mimi huishika jiga juu kabisa ya kopo la kutikisia, naitazama kwa ubavu na si kwa kuiinamia kutoka juu, na matone yakianguka yanaangukia ndani ya kinywaji, si mezani. Ndiyo sababu baadhi ya watu hupenda jiga ndefu na nyembamba: mdomo wake ukiwa finyu, milimita 2 hizo zinabeba kidogo zaidi ya nusu ya kosa la ile fupi. Mimi nimebaki na fupi yangu, najaza mpaka juu, basi.

Vodka na maji ya ndimu vinapimika kwa jiga bila ubishi. Asali haipimiki. Inakwama, inachelewa, nusu yake inabaki imeganda kwenye chuma, na ikianguka juu ya barafu inakuwa kitonge kigumu chini ya glasi kinachoyeyuka pale mtu amebakiza funda la mwisho. Katika dawa ya asili hilo ni sehemu ya mchezo, funda la kwanza kali na la mwisho tamu, na wapo wanaolipenda. Siwabishii. Lakini huwezi kulitengeneza sawa mara mbili.

Dawa yake ni shira. Kila aliyepika kaimati anajua shira, ile ya sukari inayochemshwa mpaka ikishikwa kati ya vidole viwili inavutika uzi. Ya kokteli ni nyepesi kuliko hiyo na haina haja ya jiko. Ninapima gramu 140 za asali moja kwa moja ndani ya chupa iliyo juu ya mizani, naongeza gramu 100 za maji ya uvuguvugu, natikisa. Gramu 140 za asali ni kama mililita 100, kwa hiyo hii ni shira ya 1 kwa 1 kwa ujazo, ila nimeepuka kupima asali kwa kikombe. Inamiminika kama mafuta ya kupikia, na jiga inaipima kama inavyopima vodka. Mililita 30 za shira hiyo zina sukari ya gramu 17 hivi.

Uzito wa shira ndio unaofanya namba za vitabu zidanganye. Mwaka 1948 mwanasheria wa Marekani aitwaye David Embury, ambaye hakuwahi kufanya kazi baani, alichapisha kitabu cha kokteli ambacho mpaka leo watu wa fani hiyo wanakisoma, na ndani yake akaweka uwiano wa vinywaji vya ndimu: 8 za pombe, 2 za ndimu au limau, 1 ya utamu. Ukiuchukua uwiano huo ukaujaza shira yangu nyepesi, utapata kitu kikavu cha kumfaa mwanasheria. Shira ya Embury ilikuwa nzito, sukari ikizidi maji kwa mbali. "Sehemu moja ya utamu" haina maana mpaka useme kuna sukari kiasi gani ndani ya sehemu hiyo. Hata shira ya sukari ya 1 kwa 1 ina sura mbili. Ukipima kwa kikombe, kikombe cha sukari cha mililita 250 kina gramu kama 200 tu, kwa kuwa kati ya chembe kuna hewa, na shira inakuwa nyepesi. Ukipima kwa mizani, gramu 200 kwa gramu 200, inakuwa nzito zaidi. Zote mbili zitaitwa 1 kwa 1 na mwenye nazo.

Uwiano niliotulia nao ni 2 kwa 1 kwa 1: mbili za vodka, moja ya maji ya ndimu, moja ya shira ya asali. Nitakiri kwamba nusu ya sababu ni uvivu. Jiga ya 30 na 60 inautoa bila kugusa mstari wowote: upande mdogo umejaa, upande mdogo umejaa, upande mkubwa umejaa. Aliye na jiga ya 25 na 50 anafanya vivyo hivyo na anapata kinywaji kile kile, ila kidogo zaidi. Ndiyo maana nilisema namba za jiga hazina ubora. Vile viwili vya kando, ndimu na shira, ndivyo vinavyohitaji ukali wa kupima. Mililita 5 zikizidi kwenye vodka ya 60, wengi hawatajua. Mililita 5 zikizidi kwenye ndimu ya 30, kila mtu atajua.

Utaratibu wenyewe una mpangilio wake. Kwanza shira, kwa upande mdogo. Pili ndimu iliyochujwa, kwa upande ule ule, kwa sababu ndimu inaosha shira iliyobaki kwenye chuma na kuondoka nayo. Mwisho vodka, kwa upande mkubwa. Vodka ni ya mwisho pia kwa sababu ya mfuko: ukichanganyikiwa katikati, usijue kama ndimu uliiweka mara moja au mbili, unamwaga ndimu na asali, humwagi vodka. Na utachanganyikiwa, hasa wageni wakiwa wanakusemesha.

Kuna kipimo cha nne ambacho hakuna anayekiona: maji ya barafu. Dawa ya desturi haitikiswi, inajengwa ndani ya glasi, na maji yanaingia kadiri mtu anavyochelewa kunywa. Mimi natikisa, na sababu ni hiyo tu, nataka maji yaingie kwa kiasi ninachokijua. Nilipima. Mchanganyiko wa glasi moja kabla ya barafu ulikuwa gramu 124. Nilijaza kopo la kutikisia barafu iliyotoka friza dakika ile ile, kavu, yenye kushika vidole, nikatikisa kwa nguvu huku nikihesabu mpaka 12, nikachuja juu ya mizani: gramu 168. Yaani maji 44 yameingia. Nikarudia kwa barafu iliyokaa bakulini nusu saa, inayong'aa na kuelea katika maji yake: gramu 187. Tofauti ya gramu 19 za maji, na kinywaji cha pili kilikuwa kimepooza, kama chai ya pili ya majani yale yale. Barafu ya bakulini ikiwa ndiyo pekee uliyo nayo, ichuje maji yake kwanza. Kutikisa kwa sekunde 20 badala ya 12 hakukubadilisha mambo sana, maana kinywaji kikishafika ubaridi wake barafu huyeyuka polepole. Unyevu wa barafu ulibadilisha zaidi.

Glasi ya kuandalia nayo ijazwe barafu mpaka juu, si vipande viwili vya heshima. Barafu nyingi huyeyuka polepole kuliko kidogo. Mgeni anayeomba "barafu kidogo, isije ikaharibu" ndiye atakayekuwa na glasi ya maji baada ya dakika kumi.

Baada ya hayo nilidhani nimemaliza. Wiki mbili baadaye dawa ikatoka chachu, na vipimo vyote vilikuwa sahihi. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba nilikuwa nimebadilisha asali. Ya kwanza ilikuwa ya nyuki wakubwa. Ya pili nililetewa zawadi, asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo huwa nyepesi zaidi, ina maji mengi na uchachu wake wa asili. Kwa kikohozi inasifiwa sana. Kwa shira yangu ilikuwa imepunguza sukari na kuongeza ukali kwa mpigo mmoja. Uwiano unashika kiasi, haushiki ubora wa kinachopimwa. Nilirekebisha kwa kuongeza mililita 5 za shira kwa bomba la sindano, nikaonja, nikaongeza 2 nyingine, nikaandika 37 kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya asali hiyo. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mara zote nagusa shira kwanza, si ndimu. Kuonja kufanyike baada ya kutikisa, kikiwa baridi. Kinywaji cha uvuguvugu huonekana kitamu kuliko kitakavyokuwa kwenye glasi, kwa kuwa baridi huufifisha utamu.

Shira ya asali isikae nje ya friji. Asali yenyewe haiharibiki kwa sababu ina maji machache mno, lakini ukishaipa maji umeipa chachu maisha, na hiyo ndiyo njia watu wanayotengenezea wanzuki. Kifuniko kikitoa mlio unapokifungua, au ukiona vipovu vinapanda pembeni, mwaga. Mimi naandika tarehe na siizidishi wiki moja.

Kwa Konyagi, ambayo ina kilevi cha asilimia 35 badala ya 40 ya vodka nyingi, uwiano unabaki 2 kwa 1 kwa 1. Kinywaji kinakuwa chepesi kidogo, na ile harufu yake inakaa vizuri na ndimu, pengine vizuri kuliko vodka. Nilishawahi kumsikia fundi mmoja akisema kwamba alipima vizuri zaidi enzi za viroba, kabla Tanzania haijavipiga marufuku Machi 2017, kwa kuwa kila kiroba kilikuwa kimepimwa kiwandani. Hakuwa anatania.

Nilimwalika shemeji tena mwezi uliofuata, safari hii na watu kumi na mmoja wengine. Kutikisa glasi moja moja kwa watu kumi na wawili ni adhabu, na hapo ndipo uwiano unapolipa. Nilianza na kitu nisichoweza kukibadilisha, chupa ya vodka ya mililita 750. Hizo ni sehemu mbili, basi sehemu moja ni 375. Ndimu 375, shira 375. Jumla 1,500. Kwa kuwa chupani hakuna barafu ya kuyeyuka, nilihitaji kutia maji mwenyewe. Kipimo changu cha mizani kilisema 44 kwa glasi, lakini kinywaji hiki kingetoka friji kikiwa baridi na kumiminwa juu ya barafu ambayo ingeongeza chake, kwa hiyo nilishusha hadi 40. Mililita 1,500 ni glasi kumi na mbili na nusu za 120, na 40 mara kumi na mbili na nusu ni 500. Jumla lita 2 kamili, kilevi asilimia 15. Anayetumia Konyagi atie maji 250 tu, atabaki kwenye asilimia ile ile.

Ndimu 375 kwa wastani wangu wa 16 na nusu zilikuwa ndimu 23. Nilinunua 26, na ni vyema nilifanya hivyo, kwani tatu zilikuwa kavu ndani kama pamba. Nilizikamua mchana ule ule. Maji ya ndimu ya jana hayafai kwa kazi hii, hupoteza ile harufu ya ganda na kuanza uchungu.

Nilichanganya katika ndoo safi, nikagawa kwenye chupa mbili za lita moja, nikaziweka friji saa tano kamili. Kisha nikachukua glasi moja, nikamimina maji gramu 160 juu ya mizani, na pale yalipofika nikabandika plasta kwa nje. Glasi hiyo ikawa kipimo. Kila mgeni alipata plasta moja juu ya glasi iliyojaa barafu, na kijiti cha asali kando, kwa ajili ya macho tu na kwa wenye jino la utamu. Nilikuwa pia najua, kwa mara ya kwanza, kila mtu amekunywa nini: plasta moja ni mililita 60 za vodka, yaani karibu gramu 19 za kilevi, na aliyekuja na gari nilijua wa kumnyima ya pili.

Shemeji alionja yake. Akanyoosha mkono akachukua ya mkewe, akaonja. Akachukua ya jirani yake asiyemjua vizuri, kwa kuomba radhi, akaonja na hiyo. Akanitazama.

"Leo umenunua za kopo," akasema.

Chupani ilikuwa imebaki ile nusu glasi, mililita 80 kama hesabu ilivyosema. Nikammiminia yeye.